Dola 2,100 za Miji Miwili

Chukua miji miwili. Katika mji wa kwanza kila mfanyakazi ana mtaji wa dola 9,000 nyuma yake: mashine, karakana, barabara, nguzo za umeme, vyote vikijumlishwa na kugawanywa sawa. Kwa mwaka anazalisha dola 3,000, anatenga 900 kama akiba na kula 2,100. Mji wa pili unapendeza ukiutazama. Mtaji wa kila mfanyakazi ni dola 49,000, na mwaka ukiisha amezalisha dola 7,000, zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Ila akiba yake ni dola 4,900. Kinachobaki mezani ni dola zilezile 2,100.

Mji wa pili umejenga mara tano na zaidi, na watu wake wanakula bukari ileile. Wala si kwamba wanavumilia kidogo ili wafaidi baadaye. Baadaye haiji: mwaka kesho ni dola 2,100, na miaka hamsini ijayo ni dola 2,100, maana akiba yote inaishia kuutunza ule mtaji usipungue.

Hesabu hii hapa Lubumbashi nimemwona mwalimu wa uchumi akiifanya kwa chaki na rula, na tangu siku ile naihesabu kuwa miongoni mwa kazi nzuri za mikono nilizowahi kutazama. Mji huu umezaliwa na mtaji mkubwa. Ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Union Minière likamimina shaba yake ya kwanza. Mtu aliyekua akilitazama bomba la moshi la kiwanda kile, na lundo jeusi la masalia kando yake, ana sababu ya kuuliza swali ambalo mwalimu yule alikuwa akilichora: mtaji kiasi gani unatosha?

Alianza na mkunjo mmoja. Mlalo wa chini ni mtaji wa kila mfanyakazi, wima ni pato lake la mwaka, vyote kwa maelfu ya dola. Mkunjo unapanda kwa kasi mwanzoni, kisha unachoka. Alichagua umbo rahisi kuliko yote, pato ni kipeuo cha pili cha mtaji:

y = √k

Maana yake ni kwamba ukitaka pato liwe mara mbili, sharti mtaji uwe mara nne. Mashine ya kwanza inamtoa mtu kwenye sururu. Ya kumi inamkuta tayari ana tisa. Huu ndio ule mfumo ambao Robert Solow na Trevor Swan, kila mmoja kwa njia yake, waliuchapisha mwaka 1956, na nguvu yake yote imo katika kule kuchoka kwa mkunjo.

Kisha alichora mstari ulionyooka kutoka kwenye pembe. Huu ni mstari wa kile kinachohitajika ili mtaji wa kila mfanyakazi usishuke. Mahitaji yana sehemu mbili. Mashine zinachakaa, alikadiria asilimia 7 kwa mwaka. Na wafanyakazi wanaongezeka. Aliweka asilimia 3, kasi ambayo haiko mbali na ile ya watu wa Kongo. Kijana anayeingia kazini leo haji na mashine mgongoni. Asipopewa ya kwake, atagawana na waliopo, na mtaji wa kila mmoja utapungua bila kitu chochote kuharibika. Kwa hiyo kila mwaka asilimia 10 ya mtaji wote inatakiwa irudishwe ili tu mtu abaki alipokuwa.

Sehemu hii ya uchakavu watu wa Katanga hawahitaji kuelezwa sana. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Kufikia 1994 ilikuwa chini ya tani 40,000. Katikati ya hapo, Septemba 1990, mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulikuwa umeporomoka. Shaba haikwisha ardhini. Hii leo nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Kilichokwisha ni pampu, malori, vipuri na nguzo za kushikilia miamba, kwa sababu kwa miaka mingi kilichorudishwa kilikuwa kidogo kuliko mahitaji ya ule mstari. Ubaoni, hali hiyo ni nukta inayoteleza kuelekea kushoto, mwaka baada ya mwaka.

Mkunjo wa tatu ni wa akiba, yaani ule wa kwanza ukizidishwa kwa kiwango cha akiba. Ukiweka asilimia 30, unaukuta mstari wa mahitaji kwenye mtaji wa dola 9,000: pato ni 3,000, akiba 900, mahitaji 900. Ukiwa chini ya hapo, tuseme kwenye 4,000, akiba ni 600 na mahitaji 400, basi mtaji unakua. Ukiwa juu, kwenye 16,000, akiba ni 1,200 na mahitaji 1,600, basi mtaji unashuka. Kwa vyovyote utarudi kwenye 9,000 na kutulia. Ndiyo hali thabiti, na kila kiwango cha akiba kina yake. Asilimia 70 inakufikisha kwenye 49,000.

Hapo ndipo rula ilipoingia. Mwalimu alituonyesha kwanza kwamba katika hali yoyote thabiti, chakula cha mfanyakazi ni ile nafasi ya wima iliyo kati ya mkunjo wa pato na mstari wa mahitaji. Mkunjo wa akiba hauhitajiki tena. Aliufuta kwa kiganja. Kisha akailaza rula juu ya mstari wa mahitaji, akaanza kuisogeza juu polepole bila kuipindisha, iwe sambamba na mstari wakati wote. Rula ilikata mkunjo wa pato mahali pawili, kushoto na kulia. Hizo ndizo pande zenye chakula sawa: 9,000 upande huu, 49,000 upande ule. Aliposogeza zaidi, nukta mbili zilikaribiana. Mwishowe rula ikaugusa mkunjo mahali pamoja tu, ikakataa kwenda mbele. Akateremsha mstari mpaka chini: dola 25,000.

Palepale mkunjo una mwinamo uleule wa mstari. Pato ni dola 5,000, akiba 2,500, chakula 2,500. Hakuna hali thabiti nyingine katika mji ule inayompa mfanyakazi zaidi ya hapo. Kiwango cha akiba ni asilimia 50, na kanuni inayokitaja inaitwa kanuni ya dhahabu.

Nikiisoma kwa dola moja moja naielewa vizuri zaidi. Mji ukiwa na mtaji wa 9,000, dola moja ya nyongeza inaleta karibu senti 17 kwa mwaka. Kuitunza dola hiyo, pamoja na kuwaandalia wageni wa kazi fungu lao, kunakula senti 10. Zinabaki senti 7 za kula, mwaka huu na kila mwaka. Kwenye 49,000, dola ya mwisho inaleta senti 7 na inadai zilezile 10. Kila dola ya namna hiyo inawanyang'anya wenyeji senti 3 kwa mwaka, milele, na wao wanaihesabu kuwa utajiri. Kwenye 25,000 inaleta 10 na kula 10.

Hapa ndipo wengi hupotea, hata wenye elimu. Katika mji wa pili, ukigawanya pato lote kwa mtaji wote unapata senti 14 kwa dola, na 14 ni zaidi ya 10. Meneja atakuonyesha hesabu hiyo na kusema mtaji wetu unajilipa. Ni kweli unajilipa kwa wastani. Lakini wastani unabebwa na zile mashine za kwanza, zilizomtoa mtu kwenye sururu. Swali ni la dola ya mwisho, na dola ya mwisho haionekani katika wastani.

Aliyeiandika kanuni hii kwa jina lake ni Edmund Phelps, mwaka 1961, akiwa na umri wa chini ya miaka 30. Aliiandika kama hadithi: kuna ufalme uitwao Solovia, jina lililotokana na Solow, watu wake wanabishana kuhusu akiba, na jibu linatoka kwa mkulima. Makala ni ya kurasa chache tu. Wazo lenyewe lilikuwa hewani. Maurice Allais huko Ufaransa, Joan Robinson huko Uingereza na wengine walilifikia karibu na wakati huohuo. Ila Phelps ndiye aliyelipa jina, akilichukua kwenye amri ya kuwatendea wengine kama unavyotaka wakutendee: kila kizazi kiwawekee wajao sehemu ileile ya pato ambayo kingetaka waliotangulia wawe wamekiwekea. Mwaka 2006 alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, kwa kazi zake juu ya mivutano ya kisera inayoenda na wakati.

Kinachonifanya niiheshimu kazi hii si ile nukta ya 25,000. Ni jinsi inavyojizuia kusema zaidi ya inachokijua. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono siku ile. "Prof, kama 25,000 ndiyo bora, si miji yote miwili ihamie huko?"

"Tuihamishe," alisema mwalimu. "Tuanze na ule wa kulia."

Mji wenye mtaji wa 49,000 unashusha akiba kutoka asilimia 70 hadi 50. Mashine ni zilezile asubuhi ile, pato ni lilelile 7,000, lakini sasa nusu yake inaliwa. Chakula kinaruka kutoka 2,100 hadi 3,500 siku hiyohiyo. Baada ya hapo mtaji unaanza kupungua, pato linapungua, na chakula kinashuka taratibu. Kinashuka mpaka wapi? Mpaka 2,500, na hapo kinasimama. Hakuna mwaka hata mmoja, wa karibu wala wa mbali, ambao mtu anakula chini ya zile 2,100 za zamani. Babu amefaidi, mtoto amefaidi, mjukuu amefaidi. Hakuna aliyelipa.

Sasa ule wa kushoto. Mji wenye 9,000 unapandisha akiba kutoka asilimia 30 hadi 50. Pato la siku ile ni 3,000, nusu inaenda kwenye akiba, na chakula kinaanguka kutoka 2,100 hadi 1,500. Ndipo mtaji unaanza kukua. Kwa umbo hili la mkunjo, pengo kati ya pato la sasa na pato la mwisho linapungua kwa asilimia 5 kila mwaka. Ukifuatilia, chakula kinairudia 2,100 baada ya miaka 18 na miezi kadhaa. Mtu aliyekuwa na miaka 45 siku uamuzi ulipopitishwa atakuwa na 63 kabla sahani yake haijarudi ilivyokuwa. Huku Katanga, ambako wengi huanza kulea wajukuu kabla ya umri huo, miaka 18 si kipindi cha mpito. Ni maisha ya kazi ya mtu, au sehemu yake kubwa.

Mwalimu hakumjibu mwanafunzi kwamba mji wa kushoto uhamie au usihamie. Alisema tu: "Huo wa kulia umekosea. Huo wa kushoto umechagua."

Ndilo jambo ambalo nadhani wasomaji wengi wa kanuni hii hulipita haraka. Jina la dhahabu linawafanya waichukue kama shabaha: hesabu asilimia, kisha wakaze wananchi mikanda mpaka ifikiwe. Kanuni haisemi hivyo. Upande wa kushoto wa nukta ile kuna mabishano halali kati ya walio hai na wasiozaliwa, na hesabu haiwezi kuyaamua, kwa kuwa kila hatua mbele ina anayelipa na anayepokea. Upande wa kulia mabishano yanakwisha, maana kuna njia ya kumpa kila mtu zaidi bila kumpunguzia yeyote. Wanauchumi wanauita upande huo ukosefu wa ufanisi katika mwendo wa wakati. Phelps alitafuta kilele, lakini alichokipata chenye thamani zaidi ni mpaka.

Mtu atauliza: nani mwenye akili timamu anaweza kuvuka mpaka huo? Peter Diamond alilijibu mwaka 1965, na jibu lake linafaa kusomwa mtaani kwetu. Chukua watu wanaoishi vipindi viwili, ujana wa kufanya kazi na uzee wa kutofanya. Kijana anajua nguvu zitakwisha. Kama hakuna pensheni ya kuaminika, njia pekee ya kubeba chakula cha leo hadi uzeeni ni kununua mtaji. Ataununua hata kama unaleta kidogo, hata kama unaleta chini ya sufuri, maana njia nyingine ni njaa. Kila mmoja anafanya lililo sahihi kwake. Wakijumlishwa wote, mji unajikuta na mtaji uliopita nukta ya rula.

Tazama viwanja vya pembeni mwa Lubumbashi, vyenye kuta zilizosimama hadi kifuani na marundo ya matofali ya kuchoma yanayosubiri. Mshahara ukipatikana, tofali linanunuliwa. Ukikosekana, rundo linakaa. Mvua za Novemba hadi Machi zinalimong'onyoa. Kama mtaji, tofali lile halileti hata senti, na kila msimu linapungua. Lakini mwenyewe hajakosea. Amebeba jasho lake kwenda mbele kwa chombo alichonacho, baada ya kuona akiba za fedha zikiyeyuka na mfumuko wa bei wa miaka ya 1990, na baada ya mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kazini kwa mkupuo mmoja wakiwa na malipo ya mwisho ambayo wengi hawakuridhika nayo.

Dawa inayotokana na mfumo wa Diamond kwa mji uliovuka mpaka ni kumpa kijana njia nyingine ya kufikisha chakula uzeeni: vijana wa leo wawalishe wazee wa leo, kwa ahadi kwamba wao nao watalishwa. Idadi ya wafanyakazi ikikua kwa asilimia 3 kwa mwaka, ahadi hiyo peke yake inalipa asilimia 3, na inalishinda tofali linalomong'onyoka. Hiyo ni pensheni ya umma. Ni pia, kwa namna yake, kile ambacho familia zetu zimefanya siku zote. Lakini dawa hii ni sumu katika mji wa kushoto, kwa sababu huko inapunguza akiba ambayo ingeleta senti 17.

Basi lazima mtu ajue yuko upande gani, na nje ya ubao hakuna mkunjo wa kuwekea rula. Dola ya mwisho ya nchi nzima haina kibandiko cha bei. Mwaka 1989 Andrew Abel, Gregory Mankiw, Lawrence Summers na Richard Zeckhauser walitoa kipimo ambacho kwangu ni kazi ya fundi mkubwa, kwa sababu kinapita kando ya yote yasiyojulikana. Usitafute mwinamo, walisema kwa kifupi. Tazama mtaji wote kama shamba moja, uulize: mwaka huu limetoa zaidi ya lilichomeza, au limemeza zaidi ya lilichotoa?

Rudi kwenye miji yetu. Kwa mkunjo wa kipeuo cha pili, nusu ya pato huenda kwa wenye mtaji na nusu kwa wafanyakazi. Mji wa 9,000: mtaji unapata 1,500 na uwekezaji ni 900, shamba limetoa 600 kwa walaji. Mji wa 49,000: mtaji unapata 3,500 na uwekezaji ni 4,900, shamba limemeza 1,400 zaidi ya lilichotoa, na linafanya hivyo kila mwaka. Mji wa 25,000: 2,500 kwa 2,500. Kipimo kinatofautisha pande tatu bila kugusa mwinamo. Hao wanne walikitumia kwa Marekani na nchi nyingine sita tajiri, wakakuta kote mtaji unatoa zaidi ya unachomeza. Tena kinatukinga na hukumu ya haraka. China iliwekeza zaidi ya asilimia 40 ya pato lake na wengi wakasema imepitiliza; Chong-En Bai, Chang-Tai Hsieh na Yingyi Qian walipopima mwaka 2006, walikuta mtaji bado unaleta karibu asilimia 20. Kiwango kikubwa cha akiba peke yake si ushahidi.

Ila kipimo hiki kina ufa, na ufa wenyewe uko hasa mahali kama hapa. Mapato yasiyo mishahara si yote ya mtaji. Tuseme katika mji wa Katanga mfanyakazi anazalisha dola 5,000, mishahara inachukua 2,500, na uwekezaji ni 2,000. Ukipima harakaharaka, mtaji umepata 2,500 na kumeza 2,000, mji uko salama. Lakini katika zile 2,500, weka kando 1,000 ambazo hazikutokana na mashine yoyote: ni thamani ya mawe ya kijani yenyewe, ambayo yangekuwa na bei hata kabla hayajaguswa. Mashine zimepata 1,500 tu, na zimemeza 2,000. Mji uko upande wa kulia na hesabu ilikuwa inauficha. François Geerolf aliporudia kipimo cha 1989 akiwa mwangalifu kuhusu kodi ya ardhi, ule uhakika wa mwanzo ulilegea, kwa Japani hasa.

Kosa hilohilo linaharibu kanuni ya dhahabu yenyewe. Kwa mikunjo ya aina hii, kiwango bora cha akiba ni sawa na fungu la mtaji katika pato. Mtu akichukua fungu lote lisilo mishahara na kuliita la mtaji, ataiambia nchi ya madini iweke akiba asilimia 50 wakati mashine zake zinastahili 30.

Sidhani Katanga imevuka mpaka. Mahali ambapo umeme unakatika na barabara inageuka tope, dola ya nyongeza iliyowekwa vizuri bado inaleta nyingi. Lakini neno "vizuri" linabeba uzito, na ni lazima kutenganisha mtaji uliozidi na mtaji uliopotea. Laini ya umeme ya Inga hadi Shaba, kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, ilikamilika mwaka 1982 ikapita juu ya vijiji ambavyo havikupata taa. Ilimeza fedha nyingi kuliko ilivyopangwa, na miaka michache baadaye migodi iliyotarajiwa kuutumia umeme huo ilianguka. Si ushahidi kwamba Zaire iliweka akiba kupita kiasi. Lant Pritchett alisisitiza mwaka 2000 kwamba dola iliyotumika kujenga si lazima iwe dola ya mtaji. Inaweza kuwa senti 20 za mtaji na senti 80 za hewa. Namna ya kutofautisha ni hii: mradi ukiwa mbovu, kuna mwingine bora uliokuwa ukingoja fedha zilezile. Mtaji ukiwa umezidi kwelikweli, hata mradi bora kuliko yote uliobaki, baada ya kufidia uchakavu, hauwezi kulipa zaidi ya kasi ya ukuaji wa nchi.

Na kuna kitu ambacho kanuni ya Phelps haikigusi kabisa. Mtaji wake unachakaa na kujengwa upya. Shaba ya ardhini haijengwi upya. Hapo fundi mwingine aliendeleza kazi: John Hartwick, mwaka 1977, alionyesha kwamba mji unaochimba kitu kinachokwisha unaweza kula kiasi kilekile daima kama thamani yote ya mawe yenyewe, baada ya kulipa mishahara, mashine na umeme, inageuzwa kuwa mtaji wa aina nyingine. Hadi senti ya mwisho, wala si sehemu yake tu.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa Machi 2018 ina kifungu kinachoelekea huko. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5, na asilimia 10 ya mrabaha inaenda kwenye mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Kwa shaba ya dola 100, mrabaha ni dola 3.50. Serikali kuu inapata 1.75, mkoa senti 87 na nusu, halmashauri ya mahali senti 52 na nusu, na vizazi vijavyo senti 35. Tuseme thamani ya mawe yenyewe katika zile dola 100 ni 20. Mfuko umebeba senti 35 kati ya dola 20 ambazo Hartwick anazidai. Hilo halina maana kwamba nyingine zote zimeliwa: senti 87 za mkoa zikiwa barabara inayopitika masika, zimehesabika; faida ya kampuni ikinunua tanuri jipya hapa, imehesabika; ikiondoka nchini kama gawio, haimo. Anayetaka kujua tuko upande gani wa mstari itabidi azifuate zile dola 19.65, moja moja, na kuandika kando ya kila moja imekuwa kitu gani.